Ulinunua au ulipewa? Mwongozo kamili wa kusema wazi zawadi na dili za kulipwa

Miaka mitatu iliyopita niliposti video ya blenda niliyopewa na duka moja hapa Dar es Salaam. Nilisaga karanga, nikasaga maembe, nikaigeuza huku na huku mbele ya kamera, nikasema hii ndiyo blenda ya kununua. Chini ya video niliandika asante na jina la duka. Wiki ya sita jagi likaanza kuvuja pale kwenye mpira wa chini. Sikusema kitu. Video ilikuwa bado inatembea, watu bado wanauliza bei, nami nikajiambia labda ni yangu tu.

Kisha mama mmoja akaniandikia inboksi: "Dada, mimi nilitoa pesa yangu ya mchezo nikanunua kwa sababu yako. Yangu inavuja. Hivi wewe ulinunua au ulipewa?"

Swali la kuvuja ningeweza kulijibu. Lile la pili ndilo lililonikalisha chini. Katika video yangu hapakuwa na neno la uongo, maana siku ile blenda ilisaga vizuri na niliipenda kweli. Lakini yule mama alizipima sifa zangu kama sifa za mtu aliyetoa pesa mfukoni, na mimi sikuwa nimetoa hata shilingi. Waswahili walishasema, mkono mtupu haulambwi, na kila mfuasi analijua hilo vizuri. Anachohitaji kutoka kwako ni kuambiwa mkono ulikuwa na nini, kabla hajaanza kusikiliza sifa, ili apunguze mwenyewe anachotaka kupunguza.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa aina yangu: una wafuasi elfu kadhaa, unaonyesha vyombo vya nyumbani, chakula, nguo au vipodozi, na unachopata zaidi ni vitu vya bure na dili ndogo ndogo, siyo mikataba ya mamilioni. Nimeweka nguvu kwenye zawadi kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Ukilipwa taslimu unajua umelipwa. Ukiletewa boksi na bodaboda, lenye utepe na kadi yenye jina lako, ni rahisi kuona umependwa tu.

Kazi inaanza inboksi, kabla ya mzigo kufika

Mtu wa duka atakuandikia hivi: "Dada tunapenda kazi zako, tungependa kukutumia zawadi, hatukulazimishi kuposti." Ukijibu "asanteni sana, karibuni" ukaishia hapo, umeshajifunga. Kitu kikifika kimefika, na ubinadamu wako utakuvuta kusema vizuri. Mimi siku hizi najibu kwa ujumbe huu, na unaweza kuuchukua kama ulivyo:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kunifikiria. Kabla hamjatuma naomba tuelewane. Nikiposti, nitasema mwanzoni kabisa kwamba nimepewa bure na duka lenu. Nitakitumia wiki tatu kabla ya kusema lolote. Nikiona kasoro nitaisema pamoja na uzuri wake. Kama hayo ni sawa kwenu, nipo tayari kupokea. Kama siyo sawa, hakuna ubaya wowote."

Ujumbe huu unachuja. Wengine hunyamaza, na hao wamekuokoa na tatizo. Wengine hukubali bila shida; wenye bidhaa nzuri hawaogopi kutajwa. Kuna kundi la tatu, na hili ndilo la kuangalia sana, litakujibu: "Sawa, ila iwe ya kawaida tu, isionekane kama tangazo." Hebu lisome tena sentensi hiyo. Duka linaweza kulipia bango barabarani au tangazo redioni. Likija kwako likaomba isionekane tangazo, linachotaka kununua ni ule uzito wa mtu aliyenunua mwenyewe, ambao huna. Jibu langu ni fupi: "Nitaifanya iwe ya kawaida na ya kupendeza, lakini nitasema nimepewa. Hilo sibadilishi." Nimewahi kukosa dili mbili kwa jibu hilo, moja ilikuwa ya laki tatu, na iliniuma kwa sababu mwezi ule kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri.

Dili ikiwa ya pesa na wakakuletea karatasi, isome ukitafuta mambo manne. Nani anapitisha maneno yako kabla hujaposti? Je, umezuiwa kusema kasoro? Je, umezuiwa kusema umelipwa? Na je, wana haki ya kuichukua video yako na kuirusha wao kama tangazo lao, kwa muda gani? Lile la tatu ukilikuta, liondolewe au uondoke. Mengine matatu yanaweza kujadiliwa, lakini kila moja linabadilisha unachopaswa kumwambia mfuasi. Kama kampuni imepitisha maneno yako, huwezi tena kusema "haya ni maoni yangu mwenyewe", hata kama unayaamini yote.

Piga skrinshoti ya makubaliano yote na uyahifadhi. Mimi nina daftari la mistari: tarehe, duka, kitu, bei yake dukani, nilichoahidi, linki ya posti. Umuhimu wa daftari hili utauona mbele.

Kitu gani kinahesabika

Kipimo ninachotumia ni swali moja: mfuasi akikijua hiki, je, atapunguza chochote kwenye maneno yangu? Kama jibu ni ndiyo, au labda, kinasemwa. Kwa kipimo hiki pesa inahesabika, kitu cha bure kinahesabika, punguzo la bei ulilopewa wewe peke yako linahesabika, safari na hoteli ya kulipiwa pia, na kitu ulichoazimwa ukakirudisha. Kamisheni inahesabika hata kama ni shilingi elfu tano kwa kila anayenunua. Na duka la shemeji yako linahesabika hata kama hakukupa kitu, kwa sababu undugu nao ni mkono wenye kitu.

Watu huniuliza kuhusu vitu vidogo, mfano kopo moja la mafuta ya nazi. Udogo wa bei hauondoi wajibu. Kopo la shilingi elfu nane ulilopewa bure linasemwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haikugharimu kitu.

Maneno yenyewe

Hapa ndipo wengi wenye nia njema wanapoteleza. Wanaamini wamesema, lakini mfuasi hakusikia. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme duka la vyombo Kariakoo limekutumia presha kuka ya umeme ya lita sita, ambayo dukani kwao inauzwa shilingi 160,000. Hawajakupa pesa. Hawajaona video kabla. Umeitumia wiki tatu kupika maharage, makongoro na pilau.

Ukiandika "Asanteni sana" na jina la duka, mtu anaweza kuelewa kwamba ulinunua na wakakuhudumia vizuri. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwenye blenda. Ukiandika "kolabo", hujasema nani alimpa nani nini. Ukiandika "balozi" peke yake, wengine watakuelewa, lakini siku hizi neno hilo linatumika hata kwa mtu anayependa kitu tu. Vifupisho vya Kiingereza kama `#sp` au `#collab` usivitumie kabisa; Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, katika maelekezo yake ya mwaka 2019 kwa watu wa mitandao iliwaambia wasitegemee vifupisho vya namna hiyo kwa sababu wasomaji hawavielewi. Kama Mmarekani haelewi kifupisho cha lugha yake, shangazi yangu wa Muheza ataelewa nini?

Neno "zawadi" nalo lina mtego wake. Kwetu zawadi ni kitu cha upendo: cha harusi, cha arobaini ya mtoto, cha kumpelekea mama unaporudi kijijini. Ukisema "nimepata zawadi kutoka duka fulani", sauti yake ni ya undugu, na ile habari ya biashara inajificha nyuma ya undugu. Ninachopendelea ni "nimepewa bure". Ni maneno mawili, hayana mapambo, na mtoto wa darasa la tatu anayaelewa. Kwa hiyo sentensi ya presha kuka inakuwa hivi:

"Hii presha kuka nimepewa bure na duka linaloiuza. Hawajanilipa pesa na hawajaiona video hii. Dukani kwao ni laki moja na sitini."

Angalia sentensi hiyo imebeba nini. Imesema nimepata nini, kutoka kwa nani, na kama mtoaji ana mkono kwenye maneno yangu. Bei nimeiongeza kwa sababu aliyepewa bure husahau maumivu ya bei. Kitu kizuri cha bure kinaweza kuwa kitu cha wastani kwa laki moja na sitini, na mfuasi anapaswa kupima kwa bei yake yeye, siyo yangu.

Sasa tuseme video imefanya vizuri, na duka limerudi. Linataka video ya pili, litakulipa shilingi 250,000, linataka kuipitisha kwanza, na litakupa neno la punguzo ambalo kila anayelitumia wewe unapata elfu tano. Sentensi ya kwanza haifai tena, hata sehemu yake. Inakuwa:

"Hili ni tangazo. Duka limenilipa kulifanya na wameliona kabla. Ukinunua kwa neno la punguzo nililoandika hapa, napata elfu tano."

Neno "tangazo" ni zuri kwa sababu kila Mswahili amelisikia tangu utoto kwenye redio. Halimtukani mtu, halina utata. Sina haja ya kutaja laki mbili na nusu, kwa kuwa mfuasi wa vyombo vya jikoni anahitaji kujua kwamba nimelipwa na kwamba nanufaika akinunua. Lakini kuna bidhaa ambazo hata kiasi hutakiwa. Mwaka 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza madai ya Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, kwa sababu mwaka 2021 alitangaza sarafu ya kidijitali ya EthereumMax bila kusema alilipwa dola 250,000. Posti yake ilikuwa na neno `#AD`. Kwa sheria yao ya mali za uwekezaji neno hilo halikutosha, alipaswa kutaja na kiasi. Kama una mtu anayekushawishi kutangaza sarafu, foreksi au mpango wowote wa kuzalisha pesa, huo ni uwanja mwingine wenye hatari nyingine, na sentensi zangu za jikoni hazitakukinga.

Mahali pa kuyaweka

Wafuasi wangu wananitazama kwa namna mbili. Kuna anayenitazama kwenye daladala, simu imezimwa sauti, anasoma maandishi tu. Na kuna aliyesimamisha simu kwenye kabati la vyombo, anakatakata vitunguu, ananisikia bila kuniona. Ukiandika tu bila kusema, wa pili hajui. Ukisema tu bila kuandika, wa kwanza hajui. Kwa hiyo kwenye video fanya vyote viwili, na uvifanye kabla ya sifa ya kwanza, ndani ya sekunde tano za mwanzo. Maandishi yawe makubwa, juu ya rangi inayoyaonyesha, yakae muda wa kutosha mtu ayasome mara mbili kwa utulivu. Usiyaweke chini kabisa ya skrini, maana pale jina lako na maelezo ya video hukaa juu yake.

Usitegemee maelezo ya chini peke yake. Instagram huonyesha mistari michache tu na kuficha mingine nyuma ya neno `more`, na watu wengi hawaligusi. Maneno "Nimepewa bure" au "Tangazo" yawe ya kwanza kabisa, kabla ya salamu, kabla ya "Mambo wapenzi". Yakiwa mwishoni katikati ya hashtagi ishirini, ni kama hayapo.

Stori zina tabia yake. Mtu anaweza kuingia kwenye stori ya nne bila kuona ya kwanza. Ukigawa maelezo ya presha kuka katika stori sita, zote sita ziwe na maneno hayo, hata kama kwa herufi ndogo kidogo kuanzia ya pili. Laivu ni hivyo hivyo: watu wanaingia na kutoka, kwa hiyo rudia kila baada ya dakika kumi hivi, na mara zote kabla ya kuonyesha kitu chenyewe. Status ya WhatsApp haina kitufe chochote cha kusema umelipwa. Ni wewe na maandishi yako, na kwa kuwa pale ni ndugu, majirani na wazazi wenzako wa shule, nasema pale ndipo penye deni kubwa zaidi.

Halafu kuna vitufe vya mitandao yenyewe. Vitumie, kwa sababu ni kanuni zao na video inaweza kuondolewa ukikiuka. Instagram, unapotaka kuposti, tafuta `Add paid partnership label`. Kanuni yao inahesabu pesa na pia vitu vya bure. TikTok wana sehemu ya kutangaza maudhui ya kibiashara yenye chaguo mbili: `Your brand` ni ya biashara yako mwenyewe, `Branded content` ni ya kazi ya mtu mwingine, na hiyo ya pili ndiyo inayoweka neno `Paid partnership` kwenye video. YouTube wana kisanduku cha kuweka tiki kwamba video ina `paid promotion`, na mtazamaji huonyeshwa ujumbe kwa sekunde 10 za mwanzo.

Jambo moja la TikTok ambalo watu hawasemi wazi: ukiwasha kitufe hicho, unabakiwa na nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara tu. Ule wimbo unaotamba wiki hii hutaupata. Najua watu wanaoacha kuwasha kwa sababu hiyo peke yake. Suluhisho langu ni kupanga video isiyohitaji wimbo: sauti ya kitunguu kwenye mafuta, mvuke unapotoka kwenye presha, na sauti yangu. Kwa video za chakula, kwa kweli inapendeza zaidi.

Lakini kitufe hakibadilishi sentensi yako. Wafuasi wangu wengi wanaona yale maneno madogo ya Kiingereza juu ya video na hawayasomi kama "amelipwa". Tena kitufe hakitofautishi aliyepewa sufuria na aliyelipwa laki mbili na nusu. FTC nao wamesema usichukulie kwamba kitufe cha mtandao kinatosha. Na usidhani FTC ni habari ya mbali: wameeleza kwamba hata ukiposti ukiwa nje ya Marekani, sheria yao inakugusa ikiwa ni dhahiri posti yako itawafikia wanunuzi wa kule. Ukiuza vikoi au viungo kwa Waswahili wa Minnesota au Ohio, unahusika. Hapa nyumbani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Kenya wana sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012.

Kusema hakukusafishi

Sehemu hii nimeijua kwa kuchelewa, na naomba uisome taratibu. Mwaka 2005 watafiti watatu, Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore, walichapisha jaribio la chupa ya sarafu. Mtu mmoja aliiona chupa kwa karibu na akamshauri mwenzake, aliyeiona kwa mbali, akisie ina pesa kiasi gani. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi kadiri mwenzao alivyokisia juu, yaani walikuwa na sababu ya kutia chumvi. Mambo yakawa ya ajabu: pale mshauri alipokuwa na maslahi hayo na mwenzake akaambiwa wazi, mshauri alitia chumvi zaidi kuliko pale ilipofichwa. Na mwenzake, ingawa aliambiwa, hakupunguza vya kutosha.

Nilipolisoma nilijiona mle ndani. Baada ya kuanza kusema "nimepewa bure", nilikuwa najisikia mwepesi, kama mtu aliyetubu, na nikarudi kusifu kwa mdomo mpana: nimeshawaambia, wajipimie. Kumbe ile sentensi ilikuwa imenipa ruhusa.

Kwa hiyo baada ya sentensi kuna kazi mbili. Ya kwanza, andika maoni yako kabla ya kurekodi, kwenye daftari, kana kwamba umenunua kwa bei ya dukani. Je, ungekinunua tena? Nani asikinunue? Kwa ile presha kuka ya mfano wetu ningeandika: maharage makavu yanaiva vizuri bila kusimamia, lakini bakuli la ndani linachubuka ukitumia mwiko wa chuma, na kwa familia ya watu wanane lita sita hazitoshi ugali na mboga kwa mpigo. Hayo yote yaingie kwenye video. Ya pili, mpe mtu mmoja asiyefaidika atazame kabla hujaposti. Mimi namwonyesha dada yangu mdogo na kumuuliza swali moja tu: "Hapa nimelipwa au sijalipwa, na umejuaje?" Akisita, narekodi upya mwanzo. Akijibu vizuri lakini akasema "mbona umeisifu kama mchumba", nakata.

Siku zinazofuata

Posti haifi siku uliyoiweka. Mambo matatu yanaweza kubadilika baadaye, na kila moja lina la kufanya.

Uhusiano unaweza kubadilika. Ile video ya kwanza ya presha kuka ilisema "hawajanilipa pesa". Duka likikulipa kwa video ya pili, sentensi ile inabaki kweli kwa siku yake, lakini mtu anayeitazama baadaye anapotoka. Rudi uhariri maelezo: "Baada ya video hii duka hili lilinilipa kutengeneza tangazo." Hapo ndipo daftari linapokuokoa, maana bila hilo huwezi kukumbuka posti zote.

Kitu kinaweza kuonekana tena bila wewe kukitangaza. Umepika pilau ndani ya presha kuka miezi minne baadaye na mtu akauliza, "Hiyo umenunua wapi?" Jibu: "Nilipewa na duka fulani." Mamlaka za Uingereza huchukulia kwamba uhusiano wa ndani ya mwaka mmoja uliopita bado ni wa kusemwa. Mimi nimejiwekea kwamba kadiri kitu kipo jikoni kwangu na mtu ananiuliza, nasema.

Na kitu kinaweza kuharibika. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu wa duka ni mwema kwako na labda kuna dili nyingine njiani. Mwandikie yeye kwanza, mpe siku tatu za kujibu, kisha sema pale pale uliposifia. Usiseme mahali pengine penye watu wachache. Stori ya saa 24 haifuti video iliyotazamwa mwezi mzima. Weka maoni yaliyobandikwa juu ya video ile ile, na uongeze mstari kwenye maelezo.

Kama umesoma hadi hapa ukakumbuka posti zako za zamani, usizifute kimya kimya. Kufuta kunaondoa ushahidi lakini hakumfikii aliyenunua. Anza na zile tano zinazotazamwa zaidi. Hariri mwanzo wa maelezo kwa ukweli, bandika maoni, na kama watu walinunua kwa wingi, fanya video fupi ya sekunde thelathini usiyoipamba. Usieleze sana kwa nini hukusema. Sema ulipewa nini, lini, na unakionaje sasa.

Mimi nilianza na blenda. Nilimjibu yule mama kwamba nilipewa, kwamba yangu nayo inavuja, na kwamba nilijua kwa wiki kadhaa nikanyamaza. Nikamwomba radhi. Kisha juu ya video nikabandika maneno haya: "Blenda hii nilipewa bure na duka, sikusema wakati ule. Baada ya wiki sita jagi langu lilianza kuvuja kwenye mpira wa chini. Motaa bado ni nzima. Kwa bei yake, nisingeinunua tena bila mpira wa akiba."

Watu kadhaa waliacha kunifuata siku ile, na wawili waliniita chawa. Jioni yake kijana mmoja fundi aliandika chini ya maoni yale kwamba mpira wa jagi la aina hiyo unauzwa peke yake, shilingi elfu tatu, na akataja kipimo chake. Yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibu: "Nitumie mpaka Mbagala unaweza?"